Saa moja nchi nzima Kazakhstan: mbona wote tunaangalia mashariki wakati tatizo liko magharibi?

Tangu tarehe 1 Machi 2024 Kazakhstan yote inatumia saa moja, masaa matano mbele ya saa ya dunia, ile inayoandikwa UTC+5. Kabla ya hapo mikoa ya magharibi ilikuwa tayari kwenye UTC+5 na sehemu kubwa ya nchi, ikiwemo Almaty na mji mkuu Astana, ilikuwa UTC+6, kwa hiyo siku hiyo waliobadilisha ni wa kati na mashariki tu, walirudisha saa nyuma kwa saa moja basi. Kelele zilizofuata ni kubwa na mpaka leo hazijaisha, watu wakaanzisha petisheni ya kutaka saa ya zamani irudi, na ukisoma mabishano mtandaoni utakuta picha ileile inarudiwa, kwamba serikali imelazimisha nchi pana kuishi kwa saa moja na ndiyo maana watu wa mashariki wanaona giza saa 10 alasiri. Mimi naona hiyo picha imekaa vibaya. Tofauti za saa za kuchomoza jua ndani ya Kazakhstan zilikuwepo kabla ya 2024 na zitakuwepo hata wakirudisha saa ya zamani kesho asubuhi, na ukipima vizuri utagundua mabadiliko yale hayakuwatupa watu wa Almaty mbali na jua, yaliwasogeza karibu. Walioko mbali na jua kweli ni wa magharibi kabisa, pale Aktau kwenye Bahari ya Kaspi, ambao mabadiliko ya 2024 hayakuwagusa hata kidogo na kwenye mabishano haya wanatajwa kwa nadra sana.

Tuanze na jua lenyewe maana hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Dunia inazunguka digrii 360 kwa masaa 24, yaani digrii 15 kila saa, au ukipenda digrii moja kila dakika 4. Kila ukienda magharibi digrii moja ya longitudo, jua linachelewa dakika 4, halina cha kujadiliana na bunge wala rais. Kazakhstan imenyooka kutoka karibu longitudo ya digrii 46 na nusu mashariki mpaka karibu digrii 87, ni kama digrii 40 hivi, zidisha kwa dakika 4 unapata karibu masaa mawili na dakika 40. Huo ndio muda jua linautumia kutoka ncha moja ya nchi mpaka nyingine. Sasa ukiwa na kanda mbili za saa unaukata huo muda vipande viwili na kuficha saa moja kwenye mpaka wa katikati, ukiwa na kanda moja unauacha wote uonekane kwenye saa ya ukutani. Lakini muda wenyewe hauongezeki wala haupungui. Kitu pekee serikali inachochagua ni longitudo ipi ndiyo itakayopata adhuhuri saa 6 kamili, na ukichagua UTC+5 umechagua longitudo ya 75, maana 5 mara 15 ni 75. (Saa zote ninazotaja humu ni za kuhesabu kwetu, saa 6 mchana ndiyo katikati ya siku.)

Tuchukue miji miwili tuipige hesabu mpaka mwisho. Oskemen iko mashariki, longitudo 82.6, na Aktau iko magharibi, longitudo 51.2. Tofauti ni digrii 31.4, ambayo ni dakika 126 kwa maana ya masaa mawili na dakika 6. Mtu akiambiwa hivyo anategemea jua lichomoze Aktau masaa mawili na dakika 6 baada ya Oskemen kila siku ya mwaka, lakini siyo hivyo, na hapa ndipo mabishano mengi yanapotea njia. Tarehe 21 Desemba jua linachomoza Oskemen kama saa 1:25 asubuhi na Aktau kama saa 3:06 asubuhi, tofauti ni saa moja na dakika 41 tu. Njoo tarehe 21 Juni, Oskemen linachomoza kama saa 9:20 usiku, ndiyo, usiku, na Aktau kama saa 11:54 alfajiri, tofauti imeruka mpaka masaa mawili na dakika 34. Miji ni ileile, saa ni ileile, kwa nini tofauti inacheza karibu saa nzima? Sababu ni kwamba Oskemen iko kaskazini zaidi, karibu digrii 50 kutoka ikweta wakati Aktau iko kama 43 na nusu, na ukienda kaskazini mchana wa kiangazi unarefuka na wa baridi unafupika. Desemba Oskemen inapata mchana wa masaa 8 na dakika chache, Aktau inapata karibu masaa 9. Mchana mfupi maana yake jua la Oskemen linachelewa kutoka kidogo, linapunguza ile faida yake ya kuwa mashariki, na Juni mambo yanageuka, mchana wake mrefu unaongezea juu ya faida hiyo.

Kwa hiyo saa ya kuchomoza jua peke yake ni kipimo kibovu cha kuhukumu kanda ya saa, kwa sababu imechanganya mambo mawili, umbali wa mashariki na magharibi, halafu umbali kutoka ikweta na msimu. Mtu aliyezoea kuishi karibu na ikweta anaweza asilione hili kabisa kwa sababu kwake mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, jua linatoka karibu muda uleule Januari na Julai, kwa hiyo akisikia jua linatoka saa 3 asubuhi anadhani moja kwa moja kosa ni la saa. Ukitaka kuona longitudo ikifanya kazi peke yake bila kuingiliwa, linganisha Beijing na Kashgar huko China. Miji hii miwili iko karibu latitudo moja, kati ya digrii 39 na 40, mchana wake una urefu unaokaribiana sana, na zote zinatumia UTC+8 kisheria. Tarehe 21 Desemba Beijing jua linatoka kama saa 1:32 asubuhi, Kashgar kama saa 4:13 asubuhi. Tofauti ni masaa mawili na dakika 41 hivi, na ukichukua digrii 40.4 zinazotenganisha miji hiyo ukazidisha kwa 4 unapata dakika 162, masaa mawili na dakika 42. Imegonga palepale.

Njia safi ya kupima ni hii, na mtu yeyote mwenye simu inayoonyesha kuchomoza na kuzama kwa jua anaweza kuifanya akiwa amekaa. Chukua saa ya kuchomoza, chukua saa ya kuzama, tafuta katikati yake. Hapo katikati ndipo jua linapofika juu kabisa, tuite adhuhuri ya jua, halafu angalia iko mbali kiasi gani na saa 6. Msimu hauwezi kukudanganya hapa kwa sababu mchana ukirefuka unarefuka pande zote mbili sawasawa, asubuhi na jioni. Kuna kucheza kidogo kwa mwaka, kwa sababu njia ya dunia kuzunguka jua siyo duara kamili na pia dunia imeinama, adhuhuri inaweza kuwahi kama robo saa mwanzo wa Novemba na kuchelewa karibu kiasi hichohicho Februari, lakini hiyo inaipata miji yote duniani kwa pamoja, haimpendelei mtu. Oskemen Desemba jua linatoka saa 1:25 na kuzama saa 9:30 alasiri, katikati yake ni saa 5 na dakika kama 28. Yaani Oskemen sasa hivi jua linawahi nusu saa. Aktau linatoka saa 3:06 na kuzama saa 12:01 jioni, katikati ni saa 7 na dakika 33 mchana. Aktau jua limechelewa saa moja na nusu.

Sasa rudisha saa ya zamani uone. Kwa wastani wa mwaka Oskemen ya zamani, ya UTC+6, ilikuwa inapata adhuhuri ya jua saa 6:30 mchana, sasa hivi ni saa 5:30. Yaani ilikuwa imechelewa nusu saa, sasa imewahi nusu saa, umbali kutoka kwenye jua ni uleule, umegeuka upande tu. Almaty yenye longitudo karibu 77 ilikuwa inapata adhuhuri saa 6:52, sasa inapata saa 5:52, imetoka kuwa mbali dakika 52 imebaki mbali dakika 8. Astana ilikuwa saa 7:14 mchana, sasa ni saa 6:14. Kwa hiyo miji mikubwa miwili ya nchi imesogezwa karibu na jua, siyo mbali, na anayesema saa mpya ni ya bandia wakati ile ya zamani ilikuwa ya asili amegeuza mambo juu chini. Ile ya zamani ndiyo iliyokuwa na saa ya ziada ndani yake, na asili yake inafahamika, ni amri ya Sovieti ya 1930 iliyosogeza saa zote mbele kwa saa moja na haikurudishwa kama ilivyopaswa. Vizazi vikazaliwa humo na kuona ndiyo kawaida ya dunia.

Hoja za wanaopinga zina viwango tofauti na ni haki kuzipambanua. Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba siku imefupishwa, watu wameibiwa saa moja ya mwanga. Hapana. Oskemen tarehe 21 Desemba ilikuwa na masaa 8 na dakika chache za mchana kabla ya 2024 na ina hizohizo leo, kilichoondoka jioni kimehamia asubuhi. Na hata ule mfano wenyewe unaopendwa, wa Desemba, hausaidii sana ukiuangalia kwa karibu, kwa sababu mtu anayetoka kazini saa 12 jioni alikuwa anatoka gizani hata kwenye saa ya zamani, jua lilikuwa linazama saa 10:30 na sasa linazama saa 9:30, kwake yeye vyote ni giza, na angalau asubuhi sasa anakwenda kazini kukiwa na mwanga. Anayeumia kweli Desemba ni mtoto anayetoka shule alasiri, huyo alikuwa na kamwanga ka kuchezea sasa hana, na hilo silidharau.

Lakini kuna hoja yao yenye nguvu na inashangaza haipewi nafasi ya mbele. Ni ya Septemba na Juni, siyo Desemba. Karibu na tarehe 22 Septemba, pale usiku na mchana vinapolingana, jua Oskemen linazama kama saa 11:27 jioni kwa saa mpya, zamani lilikuwa linazama saa 12:27. Mtu wa kutoka saa 12 zamani alikuwa na karibu nusu saa ya jua na baada ya hapo mwanga wa magharibi wa kufika nao nyumbani, sasa anatoka jua limeshazama zamani na giza liko mlangoni. Hapo amepoteza kitu cha kweli, siyo hisia. Na Juni jua linatoka saa 9:20 usiku, linapiga madirishani watu wako kwenye usingizi mzito, akija kuamka saa 1 asubuhi limeshawaka karibu masaa manne bure, halafu jioni linazama kabla ya saa 2. Mkulima anayeamka na jua hana shida, yeye atalifuata popote saa inapoonyesha, ila mfanyakazi wa mjini ambaye mlango wa ofisi unafunguliwa saa 3 kamili na kufungwa saa 12 hawezi kulifuata. Kwa hiyo malalamiko yana msingi, sema msingi wake uko kwenye ratiba. Jua lilihama saa moja kwenye saa ya ukutani na ratiba ikabaki palepale, saa 3 mpaka saa 12, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Upande wa pili nao wana hoja dhaifu yao, ile ya kwamba saa moja inaunganisha taifa. Urusi hapo jirani ina kanda 11 za saa na ni nchi moja, Marekani nayo ina kanda kadhaa na hakuna mtu anayeona saa ndiyo inayoishikilia pamoja. Na hata kibiashara, tofauti ya saa moja kati ya mikoa siyo ugonjwa mkubwa, simu zinajirekebisha zenyewe, tiketi zinaandikwa saa ya mahali, watu wanazoea. Faida ipo, siikatai, mikutano, mabenki na ofisi za serikali zinafunguliwa pamoja bila kukumbushana, ila ni faida ya kiofisi na inafaa iuzwe kwa bei ya kiofisi. Hoja yao nzito ni nyingine kabisa, ya usingizi. Mwaka 2019 wachumi Osea Giuntella na Fabrizio Mazzonna walichapisha utafiti uliolinganisha Wamarekani wanaoishi pande mbili za mpaka wa kanda za saa, watu wa eneo moja kabisa ila saa zao zimepishana, wakakuta upande ambao jua linachelewa kuzama kwa saa moja watu wanalala pungufu ya dakika 19 kwa wastani. Sababu ni rahisi kuielewa, mwanga wa jioni unachelewesha usingizi lakini kengele ya asubuhi haisogei kwa sababu kazi na shule zinaanza kwa saa ya ukutani. Ukiuchukua utafiti huo kwa uzito basi kuitoa Almaty kwenye jua lililochelewa dakika 52 na kuipeleka kwenye jua lililo karibu sahihi ni hatua nzuri kiafya hata kama watu wanaichukia jioni.

Ila sasa ukishaikubali hoja hiyo huwezi kuishia Almaty. Itabidi uifuate mpaka Aktau, na huko ndiko inakouma. Ikiwa jua kuchelewa dakika 52 ilikuwa sababu tosha ya kubadilisha saa ya mamilioni ya watu, je, jua kuchelewa dakika 95 ni nini? Aktau mwishoni mwa 2004 ilisogezwa kutoka UTC+4 kwenda UTC+5, na mwaka uliofuata nchi ikaacha mtindo wa kusogeza saa kiangazi na kuirudisha baridi, kwa hiyo kwa maneno mengine Aktau imeishi kwenye saa ya kiangazi moja kwa moja, baridi na joto, kwa zaidi ya miaka ishirini. Juni jua linazama huko kama saa 3:20 usiku. Mwanzo wa Januari, ambapo asubuhi ndiyo zinachelewa kuliko wakati wowote, jua linachomoza kama saa 3:09 asubuhi, maana yake darasa linaloanza saa 2 linakaa saa nzima na zaidi ndipo jua litokee, na mtoto ametembea njia nzima kwenye giza. Kwa nini basi kelele kubwa zinatoka mashariki? Nadhani ni kwa sababu mbili. Kwanza watu wanalalamikia mabadiliko, hawalalamikii hali, na ya Aktau imeshakuwa hali. Pili jioni ndefu inapendwa, inaonekana, unaitumia na watoto na marafiki, wakati gharama yake inalipwa asubuhi na inalipwa kimyakimya, kwa usingizi, hakuna anayepiga picha ya dakika 19 alizokosa kulala akaiweka mtandaoni.

Jirani wa mashariki ameishi na tatizo hili kubwa zaidi kwa muda mrefu, na kuna la kujifunza kwake, zuri na baya. China kabla ya 1949 ilikuwa imegawanywa kanda tano, baada ya hapo zikafutwa zote ikabaki UTC+8 nchi nzima, eneo la upana wa digrii 61 hivi, zaidi ya masaa manne ya jua. Nenda Khorgos, mpakani kati ya Kazakhstan na China, longitudo kama 80. Upande wa Kazakhstan jua linafika juu kabisa kama saa 5:40 asubuhi, vuka geti uingie upande wa China jua hilohilo, dakika hiyohiyo, saa inasoma 8:40 mchana. Masaa matatu kwa hatua chache, kabla ya Machi 2024 yalikuwa mawili. Mtu akiona hivyo anadhani Xinjiang, mkoa ule wa China, watu wanaamka usiku wa manane. Kumbe sivyo. Huko ofisi nyingi hufunguliwa saa 4 asubuhi kwa saa ya Beijing, chakula cha mchana ni saa 8 mchana, kazi inaisha saa 1 jioni au zaidi. Ratiba nzima imesukumwa mbele kulifuata jua. Watu wengi, hasa Wauighur ambao ni kabila la wenyeji wa huko, wanatumia kabisa saa yao isiyo rasmi iliyo nyuma masaa mawili, UTC+6, kwa hiyo Kashgar inapoandikwa jua linatoka saa 4:13 asubuhi, kwa saa hiyo ya wenyeji linatoka saa 2:13, na ukizingatia ni katikati ya baridi hiyo ni asubuhi ya kawaida tu. Namba ilikuwa inatisha kwenye karatasi kuliko kwenye maisha.

Ubaya wa njia ya Xinjiang ni kwamba saa mbili zinaishi kwenye mji mmoja bila mpaka wa wazi, ukipanga kukutana na mtu inabidi umuulize ni saa ya Beijing au ya Xinjiang, na saa gani unatumia inaweza kusomwa kama wewe ni wa kabila gani na uko upande gani, jambo ambalo saa haikupaswa kabisa kubebeshwa. Hilo linatokana na kuhamisha ratiba kwa mazoea bila sheria kuitambua saa ya wenyeji. India wana mfano mpole zaidi, mashamba ya chai ya Assam huko mashariki yana saa yao ya bustani, iko saa moja mbele ya saa ya taifa, imetumika tangu enzi za Waingereza. Inaishia getini kwa shamba, ndani kila mtu anaijua, nje hakuna anayeitumia, kwa hiyo haichanganyi mtu. Kinachofanya kazi kwenye mifano yote miwili ni kwamba kundi zima limehama pamoja, mfanyakazi, msimamizi na jiko la chakula cha mchana. Mtu mmoja mmoja akiambiwa aamke mapema mwenyewe ili alifaidi jua, haiwezekani, maana shule ya mwanae, basi la asubuhi na bosi wake vyote bado viko kwenye ratiba ya zamani.

Kwa hiyo mimi swali la Kazakhstan nisingeliweka kama UTC+5 au UTC+6. Ukirudisha UTC+6 nchi nzima unaifurahisha Oskemen kwa jioni za Septemba, unaichelewesha Almaty dakika 52 na Aktau utaipeleka mpaka adhuhuri ya saa 8:35 mchana, hiyo inakaribia hali ya Kashgar. Ukirudisha kanda mbili kama zilivyokuwa, Aktau haipati kitu, inabaki palepale ilipo. Kinachowezekana bila kugusa saa ni mikoa kupewa ruhusa ya kisheria ya kupanga masaa ya ofisi, shule na usafiri wa umma kulingana na adhuhuri yake ya jua. Mashariki waanze saa 2 asubuhi watoke saa 11 jioni, na hapohapo ile saa moja waliyoilalamikia inarudi jioni, yote, Septemba na Juni. Aktau shule zianze saa 3 na nusu badala ya saa 2, na ofisi ziwafuate. Kuna gharama, ofisi ya Oskemen itafungwa wakati Astana bado inafanya kazi na kutakuwa na saa kadhaa za siku ambapo ncha mbili za nchi hazipatikani pamoja, ile faida ya kufungua milango kwa pamoja itapungua kidogo. Lakini kati ya saa 3 na nusu na saa 11 bado wote wapo kazini, hayo ni masaa saba na nusu, yanatosha kwa mkutano wowote. Na kama kuna mahali pa kuanzia kabla ya yote, ni shule za Aktau na mkoa wote wa Mangystau, kuanzia Novemba mpaka Februari, wasogeze kengele ya kwanza mbele msimu mmoja tu na kuandika mahudhurio ya kipindi cha kwanza kabla na baada, hilo halihitaji kura ya bunge wala kumgusa mtu wa Almaty.